Ndege wa Pili Kwenye Kioo

"Kaka, huyu ndege wa pili katoka wapi?"

Ujumbe ulikuwa huo tu, na chini yake picha niliyomtumia asubuhi, sasa ina duara jekundu katikati. Aliyeniandikia ni dada mmoja, mbunifu wa mapambo ya ndani. Yeye hupanga chumba, mimi humtengenezea picha kwa akili mnemba ili mwenye nyumba aone sebule yake kabla rangi haijanunuliwa. Picha ile nilikuwa nimeitazama mara tatu kabla ya kuituma, na mara zote tatu niliiona safi: kabati la chini la mbao, juu yake kioo kipana, mbele ya kioo chombo cha maua cha samawati chenye ndege aliyechorwa, pembeni kiti cha njano, sakafu nyeusi inayong'aa kama maji ya usiku.

Kosa lilikuwa ndani ya duara. Ndege wa kwanza alikuwa kwenye chombo, ametuelekezea kifua. Wa pili alikuwa ndani ya kioo, naye ametuelekezea kifua. Chombo kiko mbele ya kioo, kwa hiyo kioo hukiona mgongoni. Na mgongo wa chombo kile, mwenyewe alinikumbusha, ni samawati tupu, hauna hata nukta.

Ukishaliona kosa moja la namna hiyo, mengine hujipanga foleni. Ndani ya kioo kulikuwa na kiti cha njano kizima, miguu na yote, ilhali mguu wa kiti hauwezi kuonekana kwenye kioo kilichoanza juu ya kabati. Sakafuni kulikuwa na taswira ya taa ya kusimama, lakini taa yenyewe haikuwepo popote chumbani. Nilikuwa nimeuza chumba ambacho hakiwezi kujengwa.

Kiswahili kimetupa neno moja, kioo, kwa ajili ya kile tunachojitazamia na kile kilicho dirishani, na kwa kazi hii umoja huo una maana. Mwanga ukifika kwenye uso laini hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, iwe ni kioo cha kujitazamia, cha dirisha, au kigae kilichosuguliwa. Tofauti ni kiasi kinachorudi tu. Nitakaa zaidi kwenye kioo cha ukutani kwa sababu ndicho kinachotuumbua mbele ya wateja, kisha nishuke sakafuni, na dirisha nitalipitia kwa haraka.

Hii ndiyo prompti niliyokuwa nimeandika:

```
modern living room, large mirror reflecting the room,
blue vase with painted bird, yellow armchair,
glossy black floor with reflections, no duplicate objects
```

Inaonekana ya busara, na karibu kila kipande chake ni mtego. Modeli za kutengeneza picha hazijengi chumba kisha zikakipiga picha. Huanza na chengachenga za rangi na kuzisafisha hatua kwa hatua hadi zifanane na picha zilizowahi kuona zikiwa na maneno kama yale. Hakuna mahali ndani yake palipohifadhiwa umbali wa chombo kutoka ukutani. Kwake kioo ni umbo la mstatili lenye fremu ambalo ndani yake huwa kuna chumba kingine, kilichofanana na hiki kwa rangi na mwanga. Katika hatua za mwanzo, mabaka makubwa yakiwa bado yanagombea nafasi, tayari imeamua kwamba pale kwenye mstatili patakuwa na sebule ndogo. Baada ya hapo hutafuta cha kuijaza, na vitu ilivyo navyo mkononi ni vile nilivyovitaja: chombo, ndege, kiti. Kwa kuwa sehemu moja ya picha huchota sura kutoka sehemu nyingine, chombo kikishaanza kujitokeza kabatini, sura yake hiyohiyo huhamia kwenye kioo, ikiwa imetazama upande uleule.

Kwa hiyo maneno `reflecting the room` yalikuwa ruhusa ya kurudia kila kitu. Na `no duplicate objects` haikusaidia lolote. Sehemu inayosoma maneno kwenye modeli nyingi haielewi vizuri ukanushaji ndani ya prompti. Neno `duplicate` linabaki na uzito wake hata ukiliwekea `no` mbele. Nimejaribu pia kulihamishia kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, ambacho angalau kazi yake ni kusukuma picha mbali na neno. Matokeo yake yalinifundisha kitu: kioo kilipauka, mara kikawa ukungu wa kijivu, mara kikageuka mchoro wa mandhari ndani ya fremu. Nayo ni haki yake, maana kioo kizima ni kurudia. Chombo kilicho mbele ya kioo *lazima* kionekane mara mbili. Ninachokikataa ni kule kuonekana mara mbili kusikowezekana, na tofauti hiyo haiwezi kuandikwa kwa neno moja.

(Kabla ya kukilaumu kioo, hakikisha tatizo ni la kioo. Modeli za zamani kama Stable Diffusion 1.5 zilifundishwa kwa picha za pikseli 512, na ukiziomba picha kubwa moja kwa moja hurudia vitu hata kwenye ukuta mtupu. Ukiona makochi mawili pacha mahali pasipo na kioo, punguza ukubwa wa picha kwanza, uikuze baadaye.)

Nilichofanya baada ya ule ujumbe ni kuchukua karatasi. Nilichora chumba kutoka juu, kama fundi anavyochora ramani, na nikaanza kuuliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza kabisa: kamera imesimama wapi?

Tuseme kioo kina upana wa mita 1.2. Kamera iko mita 3 kutoka kwenye ukuta wa kioo, lakini haiko mbele ya kioo. Imesogea kushoto, senti 80 nje ya ukingo wake wa kushoto, kimo mita 1.5. Chombo kiko juu ya kabati, senti 30 kuingia kutoka ukingo huo, na senti 20 mbele ya kioo. Ukuta wa nyuma, ule ambao kamera imeupa kisogo, uko mita 5 kutoka kwenye kioo.

Sasa fanya kama kioo ni tundu, na nyuma ya tundu kuna chumba cha pili kilichopinduliwa. Kila kitu kilicho mbele ya kioo kina pacha wake nyuma yake, kwa umbali uleule. Chombo kiko senti 20 mbele, pacha wake yuko senti 20 nyuma. Ukuta wa nyuma uko mita 5 mbele, pacha wake yuko mita 5 nyuma, yaani mita 8 kutoka kwenye kamera. Chukua rula, toa mstari kutoka kwenye kamera hadi kwa pacha. Pale mstari unapokata kioo ndipo taswira inapokaa. Ukikata nje ya fremu, kitu hicho hakionekani, basi. Hakuna fizikia zaidi ya hiyo, na mtu yeyote aliyewahi kutumia rula anaiweza.

Mstari wa kwanza nilioutoa ulipita ukingo wa kushoto wa kioo, wa pili ukingo wa kulia. Iligota kwenye pacha wa ukuta wa nyuma ikiwa imeachana mita 3.2. Yaani kioo cha mita 1.2 kinameza zaidi ya mita tatu za ukuta ulio nyuma yangu, kuanzia kama mita 1.3 kulia kwa ukingo wake wa kushoto. Kwenye mchoro wa yule dada, eneo hilo lina ukuta mweupe na rafu moja ndefu ya vitabu. Mlango uko kushoto zaidi, haumo. Kwa hiyo swali la "kioo kionyeshe nini" lilipata jibu lisilo na ubishi: ukuta mweupe, rafu, na mgongo wa chombo.

Na kiti cha njano? Hiki kilinifurahisha. Kiko kulia mwa kabati, kitovu chake mita 1.6 kutoka ukingo wa kushoto wa kioo na senti 80 mbele ya ukuta, na mgongo wake una kimo cha senti 90. Mstari wa kwenda kwa pacha wake unakata kioo karibu na ukingo wa kulia, kwa kimo cha mita 1.03 hivi. Ukingo wa chini wa kioo uko senti 95. Maana yake kiti kinaonekana, lakini ni upande wa juu wa mgongo wake tu, kipande cha njano chenye kimo cha upana wa vidole vinne, kilichojibanza kwenye kona ya chini kulia. Miguu haimo. Kiti kizima kilichokuwa kwenye picha yangu ya kwanza hakikuwa na njia ya kufika pale.

Prompti ya pili niliiandika kutoka kwenye karatasi:

```
living room, 35mm, eye level, camera left of the mirror,
wide wall mirror above a low oak cabinet,
in the mirror: plain white wall and one tall bookshelf,
one blue vase on the cabinet, plain back seen in the mirror,
yellow armchair on the right, dark polished tile floor
```

Angalia kilichobadilika. Kioo hakiambiwi tena "akisi chumba". Kinaambiwa kilichomo, na kilichomo ni vitu vichache, vikubwa na visivyofanana na vya mbele. Hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote. Modeli ikipewa cha kujaza kwenye mstatili, haina haja ya kwenda kuiba kiti. Neno `reflection` limeondoka kabisa. Ndege nilimwacha nje kwa makusudi. Huchorwa baadaye kwenye chombo cha mbele peke yake, kwa kufunika eneo dogo kwa maski na kulitengeneza upya. Ukimtaja kwenye prompti kuu, atapaka vyombo vyote viwili.

Mahali pa kamera pia si pambo. Ukitaka kioo kitazamwe moja kwa moja kutoka mbele, kwa haki ya mwanga lazima kamera ionekane ndani ya kioo. Modeli hailijui hilo, na picha zake nyingi za namna hiyo zina kioo kinachotutazama usoni kikiwa kimeshiba chumba kitupu, kama vile aliyepiga picha ni mzimu. Wapo wasiojali. Mimi nikishaiona siwezi kuiacha kuiona, kwa hiyo husogeza kamera pembeni hadi iwe nje ya upana wa kioo, na deni hilo linafutika.

Katika picha 16 za prompti ile mpya, nne zilikuwa na kioo cha kuaminika kwa kuzitazama tu. Kuzitazama tu hakutoshi, kama nilivyokwisha kujiaibisha, kwa hiyo sasa nina kipimo.

Fungua picha kwenye programu yoyote inayochora mistari. Chagua ncha ya juu ya chombo, iunganishe na ncha ileile kwenye taswira yake. Fanya hivyo kwa kona ya kabati na taswira yake, kwa bega la kiti na taswira yake. Kwa kioo bapa, mistari hiyo yote ikirefushwa lazima ikutane kwenye nukta moja. Sababu ni kwamba kila kitu na pacha wake wameunganishwa na mstari unaotoboa kioo kwa pembe ya nyuzi 90, na mistari sambamba kwenye picha huelekea nukta moja, kama reli zinavyokutana mbali. Mwaka 2012, watafiti James O'Brien na Hany Farid walitumia jambo hilohilo kubaini picha zilizochezewa. Uzuri wa nukta hiyo ni kwamba ndipo taswira ya kamera yenyewe inapokaa. Ikiangukia ndani ya fremu ya kioo na hakuna kamera pale, picha ni ya uongo hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Kwenye chumba chetu nukta iko kushoto, nje ya kioo, kimo cha mita 1.5, ndivyo inavyotakiwa.

Baada ya mistari hutazama ukubwa. Pacha wa chombo yuko mbali kuliko chombo, kwa hiyo taswira lazima iwe ndogo. Kwa vipimo vyetu ni ndogo kwa karibu asilimia 11: chombo kikiwa na urefu wa pikseli 300, taswira yake iwe kama 267. Na kwa kuwa kamera iko kushoto, taswira inatakiwa itokeze kushoto mwa chombo, siyo kulia, na kitako chake kiwe juu kidogo kuliko kitako cha chombo. Kati ya zile picha nne, moja ilikuwa na taswira kubwa kuliko chombo chenyewe, na nyingine ilikuwa nayo kulia. Zikabaki mbili. Kati ya hizo moja ilikuwa na mishumaa kwenye kioo isiyokuwepo kabatini. Ikabaki moja, na hiyo moja kiti chake hakikuwa na ule ukanda wa njano.

Nilishuka sakafuni nikiwa nimechoka, na sakafu ikanichosha zaidi.

Wengi tunarekebisha sakafu kwa njia ya mkato: unakata kitu, unakipindua juu chini, unakififisha rangi, unakibandika chini yake. Kwa ubao uliosimama wima au mguu mwembamba wa taa, inapita. Kwa meza haipiti kabisa. Sakafu haioni meza kutoka ulipo wewe. Inaiona kana kwamba kuna kamera nyingine mita 1.5 chini ya sakafu, inayotazama juu. Wewe unaona uso wa meza na kitabu kilicho juu yake. Sakafu inaona tumbo la meza, na kitabu imekikosa. Ukipindua kipande, unampa mtazamaji meza iliyoonekana kutoka juu mara mbili. Macho yake hayatajua kwa nini, lakini yatagoma.

Modeli nayo hufanya hivyohivyo kwa sababu zake. Kipimo cha sakafu ni chepesi kuliko cha ukutani: kila taswira igusane na kitu chake pale kinapogusa chini, na mistari ya kuunganisha kitu na taswira yake iwe wima, ikiwa kamera haijainamishwa. Mguu wa kiti wenye taswira iliyoanza vidole viwili pembeni ni mguu unaoelea. Taa iliyoko sakafuni bila taa ya juu, kama ile yangu, ni masalio ya wazo ambalo modeli ililiacha njiani: ilianza kuweka taa, ikaghairi, ikasahau kuifuta chini. Isipokuwa kitu kiwe kimening'inia darini nje ya picha. Taa ya dari inaweza kabisa kuonekana sakafuni bila kuonekana juu, kwa hiyo usiifute kabla ya kufikiria.

Kingine ni nguvu ya kung'aa. Kigae chenye utando wa kioo juu yake hurudisha mwanga karibu kama kioo cha dirisha: ukikitazama kutoka juu moja kwa moja, asilimia 4 tu. Ukitazama kwa mshazari inapanda. Kwa macho yaliyo mita 1.5 juu, sakafu iliyo mita 2.6 mbele yako hurudisha kama asilimia 9, na iliyo mita 8.5 mbele hurudisha karibu asilimia 40. Ndiyo maana sakafu halisi huwa tulivu miguuni pako na kugeuka kioo kule mwisho wa chumba. Prompti yenye `glossy floor with reflections` hung'arisha kote sawasawa, na chumba kinaonekana kimefurika. Nikiandika `polished tile floor, soft reflections near the far wall` hupata kilicho karibu zaidi na ukweli, si kila mara, lakini mara nyingi za kutosha kunifanya niache neno `glossy`. Na sakafu nyeusi hunisamehe kidogo kuliko nyeupe, kwa sababu ile asilimia 4 kwenye weupe humezwa, kwenye weusi hubaki peke yake ikionekana. Mteja akitaka sakafu nyeusi, jua umepewa kazi mara mbili. Au omba zulia. Zulia chini ya meza limeniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Dirisha ni suala la saa. Kidirisha kimoja cha kioo hurudisha kama asilimia 8 ya mwanga wa ndani ukikitazama kwa mbele. Mchana, nje kuna mwanga mwingi mno kuliko ndani, ile asilimia 8 inazama na unaona bustani. Usiku, nje ni giza, asilimia 8 inabaki peke yake na dirisha linakuwa kioo cha kujitazamia. Modeli hupenda kukupa vyote kwa pamoja: bustani iliyojaa jua na juu yake sebule nzima inayong'aa. Chagua saa, iandike, na usitaje taswira ya dirishani kabisa kama ni mchana. Kama ni usiku na dirisha lina vioo viwili, kila taa itaonekana mara mbili, zimeachana kidogo. Huo ni ukweli, usiurekebishe.

Ilipofika siku ya tatu sikuwa tayari kutengeneza picha nyingine 16 nikisubiri bahati. Nilifungua Blender, programu ya kujenga vitu vya pande tatu, na kujenga chumba kwa masanduku: sanduku la kabati, silinda ya chombo, masanduku mawili ya kiti, ubao wa rafu ukuta wa nyuma. Bila rangi, bila urembo, dakika arobaini. Nia ilikuwa kutoa ramani ya kina, ile picha ya kijivu ambayo kilicho karibu ni cheupe na kilicho mbali ni cheusi, na kuiingiza kwenye ControlNet, kiongezo kinachoilazimisha modeli kufuata ramani, ili isiwe na uhuru wa kuhamisha vitu.

Hapo kuna shimo ambalo nilitumbukia. Ramani ya kina hupima hadi kwenye uso wa kioo, siyo hadi kwenye vitu vilivyomo ndani ya taswira. Kioo changu kilitoka kama ubao bapa, rangi moja na ukuta, na modeli ikaufanya ubao huo kuwa mchoro wa ukutani, tena mchoro wa chombo cha samawati. Dawa yake ni ule mchoro wa karatasi uliofanywa kwa masanduku: futa kioo, toboa ukuta kwa ukubwa wake, nakili chumba kizima na ukipindue kwa kuzidisha mhimili mmoja kwa -1, ukiweke nyuma ya tundu. Sasa kina kinapimwa hadi kwenye rafu ya pacha, mita 8, na chombo cha pacha kinasimama pale kinapotakiwa, kidogo kwa asilimia ileile. Sakafu niliacha bila chumba cha chini, kwa sababu ung'avu wake ni hafifu na nilitaka modeli iijaze yenyewe kwa upole.

Mahali kamera ilipo kwenye Blender palitoka kwenye karatasi bila kubadilisha kitu. Ramani ikaingia, prompti ya pili ikaingia, na picha ya kwanza kabisa ilikuwa na kioo sahihi. Ndani yake rafu, ukuta mweupe, mgongo wa chombo ukiwa samawati tupu, na kona ya chini kulia ule ukanda wa njano. Nilitoa mistari: ikakutana. Nilimchora ndege kwenye chombo cha mbele kwa maski, na nilihakikisha maski haigusi kioo hata kwa pikseli moja, kwa sababu brashi ikilegea kidogo ndege huvuka. Mwisho nilipitisha picha nzima mara moja zaidi kulainisha vitambaa, `Denoising strength`, ile namba ya kiasi gani modeli ibadilishe picha, ikiwa 0.3. Nikiipandisha kufika 0.6 kwa chumba hiki, modeli huanza kukumbuka tabia zake na rafu huota vyombo vya maua.

Nikamtumia yule dada jioni. Akajibu baada ya dakika tano: "Sasa hapo umenipata. Ila kaka, hiki kimstari cha njano kwenye kona ya kioo, kifute, kinaonekana kama kosa."

Nilimwandikia maelezo marefu kuhusu mgongo wa kiti, kimo cha kioo na mstari unaokata kwenye mita 1.03. Nikayafuta. Nikarudi Blender, nikasogeza kiti nusu mita kulia hadi mstari wake ukatoka nje ya fremu, nikatoa ramani nyingine.